Shilingi 20 za Bwana Hampden

Mtihani ukisema "Eleza nadharia za Hobbes na Locke kuhusu serikali", msahihishaji anajua atakachokuta. Kwanza muhtasari wa Thomas Hobbes na kitabu chake *Leviathan* cha 1651, kisha muhtasari wa John Locke, na mwishoni vistari viwili vitatu vya tofauti. Kuandika "Linganisha" badala ya "Eleza" hakusaidii sana. Ukiikata insha hiyo kwa mkasi, kila kipande kitasimama peke yake.

Dawa ni kuwapa wote wawili kesi moja ya kuamua.

Katika miaka ya 1630, Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alitoza kodi ya meli bila idhini ya Bunge. Kodi hiyo kwa desturi ilihusu miji ya pwani, naye akaipeleka hadi mikoa ya bara. John Hampden alikataa kulipa shilingi 20. Kesi ikasikilizwa na majaji 12, na mwaka 1638 saba kati yao wakampa mfalme ushindi. Swali basi liwe hili: Hobbes na Locke wangempa nani ushindi, na ni hoja gani hasa inayowatenganisha?

Hapa muhtasari hautoshi, kwa sababu wawili hao wanaanzia karibu pamoja. Wote wanasema binadamu kwa asili ni sawa, na kwamba utawala hutokana na makubaliano yao. Mwanafunzi lazima atafute njia inapogawanyika, na katika kesi hii inagawanyika kwenye mali. Kwa Hobbes, kabla ya dola hakuna changu wala chako. Mtawala ndiye anayeigawa mali na kuilinda, kwa hiyo raia hawezi kumzuia asiiguse. Tena, raia waliahidiana wao kwa wao. Mtawala hakuahidi kitu, basi atavunjaje mkataba? Locke anaona mtu huipata mali kwa jasho lake hata kabla ya serikali kuwapo. Serikali imekabidhiwa amana ya kuilinda, na haiwezi kuichukua bila idhini ya wengi au ya wawakilishi wao. Hampden angeshinda.

Mwalimu mjanja hubadilisha jambo moja katika kesi. Je, askari wa mfalme wangekuja kumuua Hampden? Hapo Hobbes mwenyewe anamruhusu ajitetee, maana hakuna anayeweza kuisalimisha haki ya kuilinda roho yake. Aliyemchora Hobbes kama mtetezi wa kila ukatili anakwama.

Na kama Bunge lingeipitisha kodi ileile? Wanafunzi wengi hukimbilia kusema Locke angeendelea kuipinga, kwa kuwa wamekariri kwamba anatetea mali. La hasha: idhini ya wengi imepatikana, na Hampden atalipa shilingi zake 20 kwa amri ya wote wawili. Kazi inayobaki ni kueleza kwa nini sababu zao bado si moja.