Je, Wajua? Machungwa Yana S, Rangi Yake Haina!

Je, wajua kwamba Mfaransa akiandika "machungwa ya rangi ya chungwa" huandika *des oranges orange*? Tazama tena. Neno ni lilelile mara mbili. La kwanza lina s ya wingi, la pili halina, na mwalimu anaweka alama ya vema!

Siri ni hii. La kwanza ni tunda lenyewe, la pili ni tunda lililoazimwa liwe rangi. Kivumishi cha rangi cha Kifaransa kwa kawaida hufuata nomino yake kama kivuli: koti jeusi ni *noir*, sketi nyeusi ni *noire*, makoti ni *noirs*, sketi nyingi ni *noires*. Lakini jina la kitu likiazimwa kuwa rangi, linabaki jinsi lilivyokuja. Sketi iwe moja, ziwe mia, ni *orange* tu!

Usiwacheke Wafaransa, ndugu yangu, maana wewe hufanya hivyohivyo kila siku ukiwa ndani ya matatu ya Kangemi. Unasema gari jeusi, viatu vyeusi, mtu mweusi. Haya, jaribu kijani: gari la kijani, viatu vya kijani, nguo za kijani. Umeona? Kijani hakijatikisika hata kidogo!

Rangi zetu za Kiswahili zinazobadilika zenyewe ni tatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Tatu! Nyingine nyingi tumeziazima kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda linalotia ulimi wino. Na ile rangi ya sweta za shule ambayo wengi huiita maruni? Wazee waliiita damu ya mzee, na hakuna anayeweza kukipa kifungu kama hicho wingi.

Hapo kwenye maruni, sogea karibu nikunong'oneze. Waingereza walilitoa neno lao la maruni kwenye *marron* ya Kifaransa, ambalo ni aina ya kokwa la kuchoma. Lakini ukiingia leo darasa la Kifaransa pale Alliance Française, mtaa wa Loita, na kuambiwa *des chaussures marron*, usichore viatu vya damu ya mzee. *Marron* ya Mfaransa ni kahawia! Damu ya mzee kwake ni *bordeaux*, jina la mji na mvinyo wake, na hilo nalo halibadiliki.

Kosa la *chaussures marrons*, lenye s, limezoeleka sana. Wafaransa wenyewe huliandika! Na hakuna anayewakamata wakizungumza, kwa sababu s hiyo haisikiki. Mtego uko kwenye karatasi tu.

Lakini je, wajua kuna mahali kosa linasikika hadi nje ya dirisha? Sketi ya kijani ni *une jupe verte*, na ile t ya mwisho unaitamka wazi. Sasa ifanye iwe kijani iliyokolea: *une jupe vert foncé*. T imepotea! Sketi ni ileile, bado ni ya kike, ila ulipoongeza neno moja rangi ikaacha kuitazama. Vivyo hivyo *grise* inarudi kuwa *gris* ukisema *gris clair*, na *bleues* inavuliwa e na s zake ukisema *des jupes bleu clair*.

Kwa nini? Hili ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa sababu jibu limelala kwenye Kiswahili chako. Sema "magari meupe". Sasa sema "magari ya rangi nyeupe". Ile "me-" imekwenda wapi? Nyeupe imeacha kuyafuata magari, inaifuata rangi! Mfaransa naye akisema *bleu clair* ni kama anasema "za rangi ya buluu iliyopauka": *clair* inaisifu *bleu*, haina habari na sketi. Ukilishika hilo, hutahitaji kukariri orodha ya rangi hizi za maneno mawili.

Twende basi pale soko la Toi, karibu na barabara ya Ngong, tuchague mitumba na tuandike bili kwa Kifaransa. Viatu vya kahawia: *des chaussures marron*, hakuna s, ni kokwa. Sketi mbili za kijani: *deux jupes vertes*, zina e na s, maana *vert* ni kivumishi cha kuzaliwa. Sketi mbili za kijani iliyokolea: *deux jupes vert foncé*, zimevuliwa zote. Fulana mbili za rangi ya chungwa: *deux tee-shirts orange*, s iko kwenye fulana tu. Kabla ya kuandika, jiulize mawili: je, rangi hii ni jina la kitu? Je, imefuatwa na neno la kuieleza? Ukijibu ndiyo hata mara moja, weka s mfukoni.

Ngoja, usiondoke, umesahau blauzi mbili za waridi! *Rose* ni jina la ua, kwa hiyo haina s? Wapi! Ni *deux chemisiers roses*. Kuna maneno machache, *rose* na *mauve* yakiwemo, yaliyozoeleka kama rangi hadi Wafaransa wakayapa uraia wa kivumishi. Chungwa bado linasubiri kipande chake!

Au toka nje mwezi wa Oktoba, mijakaranda ya Nairobi ikimwaga maua hadi lami inageuka zambarau. Hayo ni *des fleurs mauves*, kwa s. Ukiyaona yamepauka kidogo na ukataka kusema kweli, ni *des fleurs mauve clair*. S imedondoka pamoja na maua!

Na ile bahasha ya kaki unayobeba vyeti ndani yake ukipanda ngazi za ofisi za mjini? Kaki linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, limepita Bara Hindi hadi kwako na kwa Mfaransa vilevile. Kwake nalo halibadiliki, *des vestes kaki*, ila tahadhari: akisema *kaki* siku hizi mara nyingi anaona kijani cha jeshi, si bahasha yako.

Wakumbuka kura ya maoni ya Novemba 21, 2005, ndizi ikiwa Ndiyo na chungwa likiwa La? Fulana za kambi iliyoshinda zingeandikwa *des tee-shirts orange*, za walioshindwa *jaune banane*. Debe liliwatenganisha, Kifaransa kikawanyima wote s!

Ya mwisho, kisha nikuache ushuke. Siku ya Jamhuri bendera zetu zikipepea mjini, kanuni ya vitabu vya shule inataka *des drapeaux noir, rouge, vert et blanc*, bila s hata moja kwenye rangi, kwa kuwa kila bendera imebeba rangi zote nne. Ukiandika *des drapeaux noirs et rouges*, msomaji makini anaweza kuona bendera nyeusi tupu upande huu wa barabara, na nyekundu tupu upande ule!