Bamvua na Maji Mafu

Katika vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kilimo cha mwani hufuata bamvua. Mkulima huteremka ufukweni mnamo saa 3 asubuhi, maji yakiwa bado yanatoka, akibeba kamba zilizofungwa vipande vya mbegu. Hutembea juu ya mchanga mbichi mpaka kwenye vigingi vyake, mahali ambapo alfajiri ya siku hiyo hiyo maji yalikuwa ya kumzidi kimo. Kufikia saa 4 au 5 bahari imerudi nyuma hadi karibu na mwamba, na mwani wote uko wazi kufungwa, kuvunwa au kusafishwa. Wiki moja baadaye, saa zile zile, vigingi vile vile vimefunikwa. Hata maji yanapokupwa jioni ya siku hizo, hayashuki vya kutosha, na shamba hubaki ndani ya maji. Hayo ndiyo maji mafu.

Bahari hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku nyakati zote za mwezi, iwe bamvua au maji mafu. Kinachobadilika ni kiasi. Pwani ya Zanzibar, siku za bamvua tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 na nusu hivi, na mara nyingine hupita mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo huwa mita 1 na kidogo tu. Maji hayafiki juu sana, wala hayaendi mbali.

Chanzo kikuu ni Mwezi. Mvuto wake hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo upande wa Dunia unaouelekea huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko kiini cha Dunia, na kiini nacho huvutwa zaidi kuliko upande wa nyuma. Maji ya upande wa mbele huelekea kutangulia kidogo, na ya upande wa nyuma huelekea kubaki. Ndiyo maana bahari hutaka kuvimba pande mbili kwa wakati mmoja, na mtu wa pwani huona maji yakijaa mara mbili. Mwezi hauyanyanyui maji moja kwa moja kuelekea angani, kwa kuwa mvuto wa Dunia unaushinda mno. Kazi yake kubwa hufanyika ubavuni. Huyaburuta maji kwa ulalo, kidogo kidogo, katika upana wote wa bahari, mpaka yakusanyike mahali fulani na kupungua mahali pengine.

Kwa kuwa Mwezi nao unasogea katika njia yake, Dunia ikimaliza mzunguko mmoja hubidi izunguke dakika 50 zaidi ili kuukuta tena mahali pale pale angani. Hivyo kati ya maji kujaa na maji kujaa hupita saa 12 na dakika 25, na maji yaliyojaa leo saa 10 jioni kesho hujaa karibu na saa 11.

Jua nalo huvuta. Uzito wake ni mara milioni 27 ya uzito wa Mwezi, na mtu angetarajia kwamba ndilo lingeitawala bahari. Lakini liko mbali mara 390 kuliko Mwezi. Kinachosukuma maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa Dunia na mwingine, na tofauti hiyo hudhoofika haraka sana kwa umbali: ukiwa mbali mara mbili, hubaki sehemu moja ya nane. Kwa hesabu hiyo, umbali wa mara 390 hugawanya nguvu ya Jua kwa 390 mara 390 mara 390, yaani karibu milioni 59. Milioni 27 zikigawanywa kwa milioni 59 hupatikana kama 0.46. Nguvu ya Jua juu ya bahari, basi, ni chini kidogo ya nusu ya ile ya Mwezi.

Bamvua na maji mafu hutokana na nguvu hizo mbili kusaidiana au kupingana. Mwezi unapoandama huwa umepita kati ya Dunia na Jua, na unapokuwa mpevu huwa upande wa pili. Katika hali zote mbili vyote vitatu viko karibu katika mstari mmoja, na mivuto hujumlishwa. Mwezi ukiwa nusu, Jua huvuta kwa pembe ya mraba na Mwezi, na kila kimoja hujaza pale ambapo kingine kinapunguza. Kwa Zanzibar hesabu yake ni rahisi. Mwezi peke yake hupandisha maji kama mita 1.2 juu ya usawa wa kati na kuyashusha kiasi hicho hicho chini yake, na Jua hufanya vivyo hivyo kwa kama mita 0.6. Zikijumlishwa ni 1.8 juu na 1.8 chini, jumla mita 3.6. Zikipunguzana hubaki 0.6 juu na 0.6 chini, jumla mita 1.2. Kwa kuwa hilo hurudiwa mara mbili katika kila mwezi mwandamo, kutoka bamvua moja hadi nyingine hupita siku 14 na robo tatu hivi.

Bamvua kubwa haiji siku ile ile Mwezi unapokuwa mpevu. Bahari ni nzito na huitikia kwa kuchelewa, kwa kawaida siku 1 hadi 2. Wanaohesabu kwa kalenda ya Kiislamu hukuta maji makubwa mwanzoni mwa mwezi na baada kidogo ya tarehe 15, na maji mafu baada ya tarehe 7 na tarehe 22.

Linalostahili kuangaliwa zaidi, na ambalo wakulima wa mwani wanalijua kwa kazi yao, ni kwamba bamvua ina saa zake. Zanzibar, maji ya bamvua hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Sababu ni kwamba maji ya Jua hayasogei. Jua hupita utosini kila siku saa 6 mchana, kwa hiyo maji yake hujaa saa zile zile kila siku, ambazo kwa Zanzibar ni karibu na saa 10. Maji ya Mwezi ndiyo yanayosogea, na siku yanapoangukia saa za Jua, hiyo ndiyo bamvua. Wiki moja baadaye yamesogea karibu saa 6: Mwezi hujaza wakati Jua linapunguza. Kwa kuwa Mwezi una nguvu zaidi, maji hujaa kwa saa zake, yaani karibu na saa 4, na hukupwa saa 10. Mtu anayejua saa tu na kuona maji yako wapi anaweza kukisia yuko upande gani wa bamvua bila kutazama angani.

Bamvua zenyewe hazilingani. Njia ya Mwezi si duara kamili. Kuna wakati hukaribia hadi kilomita 357,000 hivi na kuna wakati hufika zaidi ya 405,000, na bamvua inayokutana na siku za ukaribu huwa kubwa kuliko nyenzake. Mwezi Machi na Septemba, Jua linapokuwa juu ya ikweta, nguvu huongezeka tena. Ndipo maji huingia mpaka mahali ambapo miezi mingine hapaguswi, na mwamba unaokaa ndani ya maji karibu mwaka mzima huonekana kwa muda mfupi.

Kama mvuto ungekuwa ndio maelezo yote, pwani zote zingefanana. Mwezi ungeinua bahari kuu nusu mita tu, na Jua robo. Uvimbe ule ungelazimika kuufuata Mwezi kuizunguka Dunia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa penye ikweta. Bahari haiwezi. Wimbi refu la namna hiyo huenda kwa kasi inayotegemea kina, na katika kina cha mita 4,000 kasi hiyo ni kama kilomita 700 kwa saa, huku mabara nayo yakilizuia njiani. Mfaransa Laplace ndiye aliyeonyesha katika karne ya 18 kwamba maji kujaa na kupwa ni mawimbi yanayosukumwa na mvuto lakini yanayokwenda kwa sheria za maji na umbo la bahari. Ushahidi uko Zanzibar kwenyewe: Mwezi hupita juu, na maji hujaa saa 4 hivi baadaye.

Karai lililojaa maji huonyesha linalofuata. Likitikiswa taratibu na kwa mpigo unaolifaa, maji hupanda sana kwenye kingo huku katikati yakikaa karibu palepale. Mpigo ukibadilishwa, mtikisiko hufifia. Bahari ya Hindi nayo ina sehemu za kingo na sehemu za katikati. Pwani ya Afrika Mashariki iko ukingoni, na mawimbi yanayoigonga na kurudi hujumlishwa: Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hujaa kwa tofauti ya dakika chache tu, zote kwa mita 3 au zaidi wakati wa bamvua. Kisiwa cha Morisi, ndani ya bahari hiyo hiyo na chini ya Mwezi ule ule, kiko mahali ambapo mawimbi hukaribia kufutana, na maji yake hayapandi hata mita 1.

Umbo la pwani huongeza yake. Sofala na Beira, Msumbiji, zimetanguliwa na sakafu pana ya bahari yenye kina kifupi, zaidi ya kilomita 100. Wimbi linapoingia humo hupunguza mwendo, hujikunja na kuinuka, hata bamvua ya Beira hufika mita 6. Ghuba ya Fundy, Kanada, imepata yote mawili: ni nyembamba na yenye kina kinachopungua, na maji yake, yakitikiswa, huchukua kama saa 13 kwenda na kurudi. Mpigo wa Mwezi ni saa 12 na dakika 25. Kila maji yanapojaa, bahari huisukuma ghuba karibu kwa wakati wake, na huko ndani maji hupanda hadi mita 16.

Mediterania ni kinyume chake. Imeunganishwa na Atlantiki kwa mlango mmoja mwembamba wa Gibralta, ambao hauwezi kupitisha maji ya kutosha kwa saa 6, nayo yenyewe ni ndogo kiasi kwamba mvuto hauna nafasi ya kukusanya mengi. Pwani zake nyingi hupanda na kushuka chini ya nusu mita. Ziwa Viktoria ni dogo zaidi. Mwezi huligusa kwa sentimita chache tu, na upepo wa siku moja hutosha kuificha alama yake.