Mwalimu, Naomba Uniongezee Muda

Mwanafunzi wa kidato cha pili alitakiwa kuwasilisha insha ya Kiingereza Ijumaa. Leo Jumanne ndipo anamwandikia mwalimu wake barua kwa Kiingereza, ila kichwani ameitunga kwa Kiswahili:

"Mwalimu mpendwa, shikamoo. Natumaini hujambo na nyumbani hawajambo. Mimi nilikuwa na matatizo. Naomba uniongezee muda. Nitaleta kazi mpaka Ijumaa."

Kwa Kiswahili barua hii ina adabu tele. Inaharibika inapovushwa neno kwa neno.

Tazama "uniongezee". Upole wake umebebwa na ile e ya mwisho, ikisaidiwa na "naomba". Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo, hivyo kinachofika upande wa pili ni amri: niongezee. Na "naomba" akiitafuta kwenye kamusi, anaweza kuangukia neno la ombaomba wa barabarani. Bahati nzuri, -nge- yetu ina mwenzake huko. Waingereza nao huomba kwa kulisogeza jambo mbali kidogo, tena kwa swali: je, ingewezekana nikaileta Ijumaa?

Kosa la "mpaka" ndilo ninalokutana nalo zaidi. Kiingereza kina maneno mawili hapo: moja la jambo linaloendelea bila kukatika hadi siku fulani, jingine la siku ya mwisho ya kutimiza jambo. Mwanafunzi huchukua la kwanza, na mwalimu husoma kwamba kijana atakuwa akileta kazi kila siku hadi Ijumaa ifike! Ajipime hivi: aondoe "mpaka", aweke "kufikia". Maana ikibaki ileile, anahitaji lile neno la pili.

Shikamoo haina mwenzake, aiache. "Mwalimu" nalo kwetu ni jina la heshima, ndiyo maana Nyerere aliitwa hivyo hata alipokuwa Rais. Lakini Mwingereza hamwiti mtu kwa kazi ya ualimu, humwita Bwana au Bibi na jina la ukoo. Kuhusu "matatizo", neno hilo halimwambii msomaji lolote.

Kabla ya kugusa Kiingereza, basi, aitunge upya:

"Bibi Fulani mpendwa, ninaandika kuhusu insha iliyotakiwa Ijumaa iliyopita. Sijaiwasilisha kwa sababu nilishikwa na homa Jumatano. Nimemaliza kurasa mbili kati ya tatu. Je, ingewezekana nikaikamilisha kufikia Ijumaa hii? Samahani kwa kuchelewa."

Barua hii inavuka bila kupoteza kitu, kwa sababu kila sentensi ina umbo ambalo Kiingereza nacho kinalo. Na zile kurasa mbili aziambatishe leo hii, asingoje jibu.