Barua ya mapunye kwa mwalimu

Mzazi akiandika tu kwamba "mtoto anaumwa kichwa", mwalimu atafikiria panadol. Mapunye yanahitaji maelezo zaidi. Chukua barua kama hii:

"Mwalimu wa darasa, salaam. Mwanangu ana mapunye. Jana zahanati wamemwanzishia vidonge vya griseofulvini, atakavyomeza nyumbani kila siku kwa wiki sita hadi nane. Naomba apumzike leo, kesho atakuja. Baada ya wiki nne ana kliniki, nitamwombea ruhusa ya asubuhi hiyo. Tafadhali asinyolewe kwa mashine ya shule, na wenzake wasiazimane naye kofia wala kitana."

Ruhusa ni fupi kwa sababu mtoto aliyeanza dawa hana haja ya kukaa nyumbani wiki nzima. Vidonge ndivyo vinavyochukua muda: kuvu huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Griseofulvini humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa kwa mfano, ili mwili uifyonze vizuri. Shampuu ya kuua kuvu hupunguza tu maambukizi.

Wengi hukosea hapa: magamba yakipungua, dozi huachwa, na mabaka hurudi.

Kukitokea uvimbe laini wenye usaha, mtoto arudishwe kwa daktari haraka, na asitumbuliwe kama jipu. Uvimbe huo ukichelewa kutibiwa unaweza kuacha kovu lisiloota nywele tena. Siku hiyo mzazi aandike barua nyingine, aombe siku zaidi.