Maswali ya Wanachama Juu ya Umeme wa Jua

Vijana wetu kadhaa wamehamia bara, katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, kwa ualimu na biashara. Wamewaandikia wazee wao habari za umeme wa jua, na wazee wametuletea maswali. Twajibu hapa yale yaliyokaririwa sana.

Swali: Ngara ni nchi ya milima na baridi. Je, paneli itapata wapi joto la kufanyia kazi?

Jibu: Sisi tulio wakulima wa karafuu tumezoea kuhesabu jua kwa ukali wake, maana karafuu mkekani hukaushwa kwa joto. Paneli si hivyo. Yenyewe hutaka mwanga, na joto huipunguzia nguvu.

Nguvu iandikwayo nyuma ya paneli hupimwa kiwandani paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Kila nyuzi izidiyo hapo, paneli ya wati 100 hupoteza kiasi cha wati 0.4. Sasa tuchukue adhuhuri yenye jua kamili, ambapo paneli huwa na joto zaidi ya hewa kwa nyuzi 30 hivi. Huku kwetu hewa ikiwa 32, paneli hufika 62, nayo itatoa karibu wati 85. Ngara hewa ikiwa 22, paneli hufika 52, na hutoa karibu wati 89. Kwa hiyo mwenye baridi ndiye aliyepata zaidi! Biharamulo, iliyo chini kidogo, hukaa katikati.

Kinachomnyima mtu wa Ngara umeme ni wingu na ukungu. Siku ya wingu zito paneli yaweza kutoa sehemu moja tu katika kumi. Basi betri ipimwe kwa siku za masika, si kwa kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Swali: Paneli zikizidi, hazitalimaliza jua?

Jibu: Hapana. Mwanga ule ungeangukia bati na kulipasha moto tu. Paneli hugeuza takriban sehemu moja katika tano kuwa umeme, na jua halina habari.

Swali: Jirani aliweka paneli, paa likavuja. Je, paneli huharibu mapaa?

Jibu: Paneli ya wati 100 ina uzito wa kilo saba au nane hivi, na bati zima haliumii kwa hiyo. Kivujishacho ni tundu. Fundi akipiga msumari katika bonde la bati, mapitio ya maji, lazima pavuje. Skrubu ipite juu ya mgongo wa bati, iwe na mpira chini ya kichwa, na ishike mbao, isishike bati peke yake. Iachwe nafasi ya vidole vinne chini ya paneli, hewa ipite na kuipoza, kwa sababu ile tuliyoieleza juu.

Penye paa la nyasi, isimikwe juu ya nguzo uani. Na baada ya mvua kubwa ya kwanza, mwenye nyumba atazame mbao zilizo chini ya skrubu. Akiona doa jeusi la maji, amwite fundi abadilishe mpira kabla mbao haijaoza.