Gemu kubwa ndani ya mashine ya mkononi

Nintendo Switch ilipotoka mwaka 2017, wengi waliamini haiwezi kubeba The Witcher 3, gemu ya mwaka 2015 yenye mashamba, misitu na miji mizima. Oktoba 2019 ikaingia, pamoja na nyongeza zake zote mbili, katika kadi moja ya GB 32.

Kazi ilikuwa ngumu hasa kwa sababu ya kumbukumbu. Switch ina GB 4 tu, wakati PlayStation 4 ina GB 8. Kwa hiyo picha za kuta, nguo na udongo zilipunguzwa ubora, vivuli vikarahisishwa, na majani ya mbali yakapungua. Ukiishika mkononi, picha huchorwa kwa takriban mistari 540 kisha hutanuliwa kujaza skrini ya mistari 720. Hapo ndipo ukungu unapoonekana: tazama nywele za Geralt, au matawi ya miti yaliyo mbali kidogo.

Kasi imewekwa fremu 30 kwa sekunde. Porini inatosha, lakini ukiingia Novigrad, mji uliojaa watu, mwendo hukwama kidogo, maana kichakataji kinahangaika na watu wote wale kwa pamoja.

Hadithi, hata hivyo, haikukatwa popote, na kwangu hilo ndilo kubwa. Kama una runinga na mashine yenye nguvu zaidi, cheza huko. Kama muda wako wa kucheza ni safarini, nunua hii bila wasiwasi.