Mwalimu akigeukia ubao sauti inakatika? Angalia ulipoweka risiva

Rekodi kipindi kwa simu iliyoko nyuma ya darasa, halafu sikiliza. Utasikia viti vinaburuzwa, mtu anakohoa, na mwalimu yuko mbali kama anaongea chumba cha pili. Hapa Dodoma ongeza upepo wa kiangazi unaotikisa madirisha, au mvua ya Januari juu ya bati, basi tena.

Maiki ndogo ya kubana kwenye shati inatibu hilo kwa sababu moja tu: inakaa kama shibiri moja kutoka mdomoni, wakati simu iko mita nane au zaidi. Maiki inarusha sauti bila waya, risiva iliyochomekwa kwenye simu inaipokea. Hapo ndipo tatizo jipya linapoanzia.

Chukua ukumbi wa wanafunzi 150. Simu na risiva yake viko mstari wa mwisho, mita 12 kutoka kwa mwalimu. Dakika tano za kwanza sauti ni safi kabisa. Anageuka kuandika fomula ubaoni, maneno yanameguka na kupotea. Anageuka kuwatazama wanafunzi, sauti inarudi. Yaani aliyekuwa mgonjwa siku hiyo anaikuta fomula kwenye video, ila maelezo yake hayapo.

Wengi hapo wanasema maiki ni feki. Mara nyingi siyo. Maiki nyingi za bei nafuu zinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji yanayameza mawimbi hayo. Maiki iko kifuani. Mwalimu akitazama ubao, mwili wake wote unakuwa kati ya maiki na risiva. Vichwa vya wanafunzi waliokaa mbele vinamalizia kilichobaki. Wakati mwingine ukuta unayarudisha mawimbi na sauti inapona, ndiyo maana kuna siku inakubali na siku inagoma.

Utajuaje kama ni hilo? Sauti ikikatika kila anapogeuka, ni mwili. Ikikatika ovyo, hasa ukumbi ukijaa, kuna uwezekano hotspoti za simu za wanafunzi zinagombania masafa hayo. Lakini kama sauti haikatiki, ila inakwaruza pale anapopaza tu, hiyo siyo ya mawimbi: punguza ukubwa wa sauti kwenye maiki au risiva.

Dawa ni kuisogeza risiva. Weka simu mbele, pembeni ya ubao, mita tatu au nne kutoka kwake na juu kidogo ya vichwa. Ukiwa pembeni, hata akigeuka, kifua chake hakijifichi kabisa. Kama lazima video ichukuliwe kutoka nyuma, tumia simu mbili: ya mbele yenye risiva irekodi sauti tu, ya nyuma ichukue picha. Kabla ya kuanza, piga kofi moja kubwa mbele ya zote. Wakati wa kuhariri, linganisha mlio wa kofi kwenye rekodi zote mbili, kisha zima sauti ya simu ya nyuma.

Kosa jingine linauma zaidi, maana hulioni mpaka kipindi kiishe. Kwenye baadhi ya simu za Android, kamera inaendelea kutumia maiki ya simu yenyewe hata risiva ikiwa imechomekwa. Rekodi sekunde 20, huku mtu akikwaruza maiki ya shati kwa ukucha polepole. Chomoa risiva, sikiliza. Mkwaruzo usiposikika kwa nguvu, simu haijaisikia maiki. Tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua maiki. Kwenye Open Camera, kwa mfano, sehemu hiyo inaitwa `Audio source`.

Washa pia hali ya ndegeni, simu isipigwe katikati ya kipindi. Usiogope, risiva ya kuchomeka haitegemei Bluetooth ya simu, kwa hiyo maiki itaendelea kufanya kazi.

Kuhusu kubana: iwe katikati ya kifua, juu ya nguo. Kwa mwalimu aliyevaa mtandio, ibane nje ya kitambaa, maana ikiwa ndani inasuguliwa kila anapogeuza shingo. Kitambulisho cha shingoni kivuliwe, kinagonga maiki kila hatua. Upepo ukiingia dirishani, valisha maiki kile kisponji chake.

Maswali ya wanafunzi hayatasikika vizuri, kwa hiyo muombe mwalimu arudie kila swali kabla ya kujibu. Na akitoka nje kidogo, muombe aizime. Anayoongea huko koridoni na yenyewe yanaingia kwenye rekodi.